Sogea Tucheze: jina la klabu ya chesi kabla njuka hawajafika

Januari kidato cha kwanza huingia shule za sekondari za Tabora na sare yenye mikunjo ya dukani. Katika wiki mbili za mwanzo mtoto husikia majina mengi kuliko atakayoyashika: ya walimu, ya viranja, ya mada za masomo ambayo ghafla yanafundishwa kwa Kiingereza wakati shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili. Katikati ya msongamano huo jina la klabu ya chesi hupita mara moja, mstarini, likisomwa na mwalimu wa zamu mwenye matangazo mengine sita mkononi. Sekunde tatu hivi, basi. Ndani ya sekunde hizo njuka anataka kujua mambo mawili: pale wanafanya nini, na mtu kama mimi anaruhusiwa?

Jina likijibu yote mawili, atafika. Likijibu moja tu, atasubiri rafiki amtangulie, na rafiki naye anamsubiri yeye.

Makosa mengi huanzia kwenye aina ya neno linalochaguliwa. Majina ya klabu za shule yako ya namna tatu. Kuna yanayotaja watu: Magwiji, Wafalme, Mabingwa, Wanasataranji. Kuna yanayotaja mahali: Mwembeni, Barazani. Na kuna yanayotaja tendo, yaani kitenzi kinachomwambia mtu afanye jambo. Jina la watu humlazimisha mgeni ajipime kwanza. Akisikia "Magwiji wa Sataranji leo saa tisa na nusu," swali linalomjia ni "je, mimi ni gwiji?" Jibu analo, na halimpeleki kokote. "Wafalme" ni hivyo hivyo, ila lenyewe linawaacha nje wasichana wote kwa pigo moja, ilhali kwenye ubao wa chesi malkia ndiye mwenye nguvu kuliko kete zote na mfalme hutembea nyumba moja moja kama mzee mwenye magoti mabovu. Jina la mahali ni afadhali: mahali ni pa kuendwa, hakuna anayejiuliza kama anastahili kwenda chini ya mwembe. Jina la tendo, likipatikana zuri, ndilo bora, kwa sababu mwaliko uko ndani ya neno lenyewe.

Kabla ya kufika huko kuna suala la chesi au sataranji. Sataranji ndilo neno la kamusi, na lina ukoo mrefu: lilitufikia kupitia Kiarabu, Waarabu walilitoa kwa Waajemi, na Waajemi kwa Wahindi, ambako kwa Kisanskriti mchezo uliitwa chaturanga, maana yake viungo vinne, yaani vikosi vinne vya jeshi: tembo, magari ya vita, farasi na askari wa miguu. Habari tamu, nami ningeisimulia wiki ya nne. Mstarini haifai. Mtoto ambaye hajawahi kulisikia neno sataranji atadhani ni somo jipya. Halafu lina r, na huku kwetu r na l hubadilishana viti. Ushahidi uko kwenye jina la mtemi maarufu kuliko wote wa Unyamwezi: wapo wanaoandika Mirambo na wapo wanaoandika Milambo. Mtoto atakayesema "satalanji" mbele ya kidato cha tatu atachekwa, na akishachekwa hatalitamka tena jina la klabu wala hatakwenda. Kwa hiyo kwenye jina la kuitia watu weka chesi, neno ambalo watu wanalisema kweli, na katika sehemu ya jina itakayotamkwa kila siku kwepa r kadiri unavyoweza.

Kuna maneno yanayoonekana ya kirafiki kabisa lakini yana maisha ya pili, na njuka huyafahamu hayo maisha ya pili vizuri kuliko mwalimu mlezi.

Kete ni mfano wa kwanza. Kwa mchezaji wa bao au drafti, kete ni neno safi la mchezo. Lakini kete ndilo neno hilo hilo linalotumika polisi wanapomkamata mtu na dawa za kulevya, zikihesabiwa kete kwa kete. Tangazo la "Njoo Kete, Ijumaa" kwenye ubao wa shule litafika ofisini kwa mkuu wa shule kabla ya mapumziko, na litarudi likiwa limechanwa. Mkekani nalo linaleta picha ya kukaa pamoja chini bila viti vya wakubwa. Ila kijana wa leo akisikia mkeka anafikiria karatasi ya kubeti, na mzazi atakayesikia kuwa mwanawe "yuko Mkekani kila Ijumaa" atakuja shuleni amekunja uso. Ubaoni linaonekana sawasawa kabisa, maana chesi huchezwa ubaoni. Tatizo ni kwamba kwa mwanafunzi "ubaoni" ni pale mbele ya darasa, unapoitwa ukatatue hesabu usiyoijua huku wenzako arobaini wanakutazama. Kijiwe nacho kina joto lake, na drafti ya mtaani kweli huchezwa kijiweni, lakini kwa walimu wengi kijiwe ni makao ya wasio na kazi. Sitapoteza muda kulitetea.

Kuna majina ya kete zenyewe. Yule mdogo wa mstari wa mbele, anayesogea nyumba moja moja na akifika mwisho wa ubao hugeuzwa malkia, anaonekana amezaliwa kuwa jina la klabu ya wanaoanza. Wengi humwita askari, nalo mgeni atasikia polisi au mgambo. Jina lake la kamusi ni kitunda, neno zuri, dogo, halina r. Lakini huu ni mkoa wa Tabora, na Kitunda ni kata iliyoko Sikonge. Ukitangaza "Klabu ya Kitunda", nusu ya darasa wataelewa kuwa ni umoja wa wanafunzi wanaotoka Kitunda, na wa Nzega au Urambo watatulia vitini mwao. Mwanza jina hilo lingeweza kupita. Farasi humvutia mwalimu kwa sababu huruka juu ya wenzake, lakini hii ilikuwa nchi ya ndorobo, farasi hawakudumu, na watoto wengi wamemwona kwenye picha tu. Wanaopendekeza punda ningewaelewa.

Kuhusu majina ya watemi: kila anayeanzisha kitu Tabora humfikiria Mirambo, aliyefariki 1884. Jina limekwisha kuchukuliwa na shule na kambi ya jeshi, kwa hiyo halitofautishi kitu. Isitoshe, kuanzia 1871 Mirambo alipigana na Unyanyembe na wafanyabiashara Waarabu waliokaa hapa hapa Tabora, yeye mwenyewe akiwa na makao Urambo. Anayedhani jina hilo linawaunganisha wenyeji wote asome tena upande wa mji ulikuwa wapi. Salamu za Kinyamwezi nazo hupendekezwa mara nyingi. "Mwangaluka" ni nzuri masikioni, ila ni salamu ya asubuhi na klabu hukutana alasiri. Bibi yeyote atawasahihisha. Na darasani mna Waha, Wamanyema na watoto wa watumishi waliohamia juzi kutoka Lindi, ambao jina hilo litawaambia kwamba hapa kuna wenyewe.

Sasa tuchukue shule moja ya kubuni ili tuone kazi inavyokwenda. Ni sekondari ya kata, ya kutwa, pembezoni mwa mji wa Tabora. Klabu ina wanachama 14: wavulana 11 na wasichana watatu, wote wa kidato cha tatu na cha nne. Wana mbao nne za chesi, moja imepoteza farasi na nafasi yake imekaliwa na kizibo. Jina lao ni Magwiji wa Sataranji. Kidato cha nne wakimaliza mtihani wao Novemba klabu itabaki na watu sita. Hapo ndipo mwalimu mlezi anapoona kuwa hapana budi kubadilisha jina.

Hatua ya kwanza ni kukusanya majina, na hapa kosa la kawaida ni kuitisha kikao cha wanachama wapige kura. Wanachama watachagua jina linalowapendeza wanachama. Magwiji lilipatikana hivyo hivyo, na wao walilipenda kwa haki, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuwa magwiji. Kikao kitoe majina tu, yasizidi sita. Uamuzi utoke kwa wasiohusika. Kwenye shule yetu kikao kinatoa Mwembeni, Ubaoni, Kete, Kitunda na Sogea, na jina la zamani linabaki la sita ili lilinganishwe.

Hatua ya pili ni kuyapima. Chagua wanafunzi 12 wa kidato cha kwanza ambao hawajawahi kufika klabuni, wasichana sita na wavulana sita, waliosoma shule za msingi tofauti. Umuite mmoja mmoja, dakika mbili zinatosha, mbali na wenzake, maana wa pili akimsikia wa kwanza atarudia jibu lake. Anayeuliza asiwe mwalimu wala kiranja. Ukimuuliza mtoto wa huku "jina hili umelipenda?" huku amekwisha kukuamkia shikamoo, atasema ndiyo kwa majina yote sita, na atakuwa amefanya adabu yake. Aulize mwanafunzi wa kidato cha pili, ambaye mwaka jana yeye ndiye alikuwa njuka. Na asiulize kuhusu kupenda. Anasoma jina moja, kisha anauliza: "Unadhani hawa wanafanya nini?" na "Nani anaweza kuingia?" Anaandika jibu kama lilivyosemwa, bila kulinyoosha.

Kanuni ninayoitumia ni rahisi: kati ya 12, angalau wanane wajue ni mchezo, na angalau kumi waseme yeyote anaweza kuingia. Swali la pili nalipa uzito zaidi, kwa sababu asiyejua ni mchezo gani anaweza kuelezwa kwa sentensi moja, ila anayehisi hatakiwi hasogei karibu akaelezwa.

Tuseme majibu yalikuwa hivi. Magwiji wa Sataranji: watatu wamejua ni mchezo, wawili tu wamesema yeyote anaweza kuingia, wengine wamesema "wanaofaulu hesabu" na mmoja "wa kidato cha tano", shule ambayo haina kidato cha tano. Mwembeni: hakuna aliyejua ni nini, lakini 11 wamesema yeyote. Ubaoni: tisa wamesema ni masomo ya ziada. Kete: kumi wamecheka, na muulizaji naye amecheka, kipimo kimeharibika. Kitunda: saba wamesema ni watu wa Sikonge. Sogea: watano wamesema yeyote, wanne wamesema "ni kama kufukuzwa."

Hilo la mwisho linastahili kutazamwa. Sogea ni neno la benchi. Ukitaka kumpa mtu nafasi unasema "sogea hapa," na aliyekaa naye husogea ili mgeni apate pa kukaa. Kwenye chesi pia kitenzi ni hicho hicho: kete husogezwa. Ni jina lenye mwaliko na mchezo ndani ya neno moja, na aliyelipendekeza ana sikio. Lakini "sogea huko!" ndiyo kauli ya kumwondoa mtoto anayekuzibia njia. Neno likisimama peke yake halisemi ni upande upi wa kusogea. Sauti ndiyo huamua, na karatasi haina sauti. Dawa yake ni kuliongezea kitenzi cha pili kitakachoamua: Sogea Tucheze. Sasa haliwezi kuwa la kufukuza, kwa sababu anayefukuza hasemi "tu-". Ile tu- ndiyo inayomchukua mgeni na kumweka ndani ya kundi kabla hajakaa.

Linapimwa upya kwa wanafunzi 12 wengine, wala si wale wale. Wote 12 wanasema yeyote anaweza kuingia. Lakini saba tu wamesema mchezo. Wanne wamesema ngoma, na wana haki, maana kwa Kiswahili ngoma nayo huchezwa. Kiwango cha wanane hakikufikiwa. Kwa hiyo jina linahitaji mkia. Mkia ni maneno machache ya maelezo yanayoandikwa chini ya jina la kuitana, kwa herufi ndogo, yasiyo na kazi nyingine ila kusema kitu chenyewe: Klabu ya Chesi na Drafti. Mkia ukisomwa pamoja na jina, mkanganyiko wa ngoma unaisha.

Wazee wa klabu watalalamika kuhusu drafti. Watasema inaishusha klabu. Waache walalamike, halafu waonyeshe hesabu: ubao wa chesi una nyumba 64, na ubao wa drafti wa mtaani una nyumba 64 hizo hizo. Kete za drafti ni vifuniko vya soda 24, kumi na viwili vikitazama juu na kumi na viwili vikitazama chini, na havigharimu kitu. Njuka ambaye hajui farasi anakwendaje anaijua drafti kwa kuwatazama kaka zake, anaweza kukaa siku ya kwanza na pengine akamshinda mtu wa kidato cha tatu. Wiki ya pili, kwenye ubao ule ule, anaonyeshwa kete nyingine. Tahadhari moja: neno likiwa kwenye jina ni ahadi. Ukiandika drafti na siku ya kwanza mgeni akakuta mbao zote nne ni za chesi, jina limemdanganya, na atawaambia wenzake njiani. Kwenye shule yetu mbao mbili zitengwe kwa drafti Januari na Februari yote.

Mwembeni linaachwa kwa masikitiko. Tabora na miembe havitengani, na klabu kweli hukaa chini ya mwembe. Lakini tarehe zinaligomea: Januari ni katikati ya masika ya huku, mvua hunyesha mchana, na klabu huhamia darasani. Mgeni mtiifu ataliamini jina, atakwenda mwembeni, atakuta maembe yaliyoanguka na hakuna mtu. Jina la mahali hufaa tu ikiwa watu wako hapo mwezi wageni wanapofika.

Kabla ya kulipitisha, lisemwe kwa sauti ndani ya sentensi za kila siku. "Leo nina Sogea Tucheze." "Mimi niko Sogea Tucheze." "Twende Sogea." Majina mengi mazuri ya karatasini hufia hapa. Jina refu litakatwa na watumiaji wapende wasipende; kazi yako ni kuona kipande kitakachobaki kinasomekaje. Hili litabaki Sogea, na midomoni mwa walioanza kuja halina tena ubaya. Lakini kwenye tangazo na mstarini lisikatwe kamwe mwaka wa kwanza. Kwa sababu hiyo hiyo usitengeneze kifupi cha herufi za mwanzo. Wanafunzi wanaipenda sana michezo hiyo ya herufi, wamekulia kwenye UMISSETA na UKWATA, na watakuletea KLACHETA kabla hujamaliza kusema. Kifupi humwambia mgeni kitu kimoja tu: wenzako wanajua maana yake, wewe hujui.

Kisha mwalimu wa zamu apewe tangazo lililokwisha kuandikwa, lisilohitaji kufupishwa. Kwa shule yetu linatosha hili: "Ijumaa saa tisa na nusu alasiri, chumba cha Kidato cha Pili B: Sogea Tucheze, Klabu ya Chesi na Drafti. Asiyejua kucheza aje, yuko wa kumfundisha." Chumba kitajwe kwa jina ambalo njuka ameshaliona mlangoni. "Pale pa siku zote" ni anwani ya wanachama.

Jina jipya linaweza kuharibiwa ndani ya chumba kwa majina madogo. Daftari la mahudhurio likiwa na ukurasa wa "Wanachama" na mwingine wa "Njuka", mwaliko umefutwa kwa kalamu. Majina yote yaandikwe kwenye orodha moja, kwa mpangilio wa kufika. Meza wanapofundishwa wanaoanza isiitwe meza ya wachanga. Iitwe Meza ya Kwanza, iwe karibu na mlango, ili anayechungulia aione kwanza. Na atakayekaa hapo kufundisha asiwe bingwa wa klabu. Bingwa huchoka haraka kueleza jinsi farasi anavyokwenda. Mtu aliyejifunza miezi sita iliyopita bado anakumbuka pale alipokwama.

Wakati wa kubadilisha ni kati ya Novemba na Desemba, kidato cha nne wakishamaliza mtihani, ili Januari ianze na jina moja. Ukibadilisha Machi, njuka waliojiunga kwa jina la zamani watajiona wamejiunga na kitu kilichokufa. Jina la zamani lisifutwe kwa dharau. Waliolibeba wapo, na huenda kuna kombe kabatini lililochongwa "Magwiji". Kwenye shule yetu kombe linabaki lilivyo, na kwa mwaka mmoja kwenye jalada la daftari huandikwa "Sogea Tucheze, zamani Magwiji wa Sataranji." Kwenye tangazo la mstarini hilo "zamani" halisomwi.

Wiki ya tatu ya klabu, mwanafunzi wa kidato cha pili awaulize wageni watano swali moja: "Nyumbani unapochelewa kurudi Ijumaa, unawaambia ulikuwa wapi?" Wakijibu "Sogea" au "chesi", jina limeshika. Wakijibu "kwa wale wa kidato cha tatu", rudi kwenye tangazo na kwenye ile meza ya mlangoni kabla ya kuligusa jina, kwa sababu mara nyingi hapo kilichobaki cha zamani ni watu.